Kurasa mbili za mwisho za mkataba zilivyonigharimu milioni 2.9

Juzi dada mmoja wa Tabora amenitumia mkataba wa kuuza asali, na chini yake kaandika: "Dada, nimesoma bei na tarehe za kupeleka mzigo, ziko sawa. Huko mwisho ni yale mambo ya kawaida tu. Nisaini?"

Nilicheka, halafu nikakosa raha mchana kutwa. Sentensi hiyo hiyo niliwahi kuisema mimi, nikiwa nimesimama mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kalamu mkononi, kijana wa basi ananisubiri aondoke na bahasha.

Wanaonifuatilia hapa mnajua nafanya dagaa. Nanunua alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika kwenye chanja, nachambua, nafungasha. Mwishoni mwa 2023 nikapata mteja mkubwa, kampuni moja ya Dar es Salaam inayopaki vyakula. Kilo 500 kila mwisho wa mwezi, shilingi 18,000 kwa kilo, kwa mwaka mzima. Wakanipa na advansi ya milioni 4.5, ikatwe kidogo kidogo kwenye malipo. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa kumi na moja. Mpwa wangu alinisomea tisa. Mbili za mwisho zilikuwa na kichwa "Mengineyo", tukaziruka.

Nianze na kosa la kwanza, ambalo wala sikujua kama ni kosa. Kulikuwa na kifungu kinachosema mkataba unaweza kusainiwa katika nakala tofauti, na kila nakala ihesabiwe kuwa halisi, zote kwa pamoja zikiwa mkataba mmoja. Maana yake ni kwamba mimi nasaini yangu Kigoma, wao wanasaini yao Dar, na hatulazimiki kukaa meza moja wala kuweka saini kwenye karatasi moja. Kwa sisi wa huku ni kifungu kizuri, maana kwa reli hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Tatizo ni kwamba kifungu kinaruhusu nakala mbili, hakikuhakikishii kwamba hizo mbili zinafanana. Mimi nilituma yangu, yao haikurudi, sikuidai. Kwenye simu nilikuwa na picha ya ukurasa wa saini tu. Je, mkataba ulikuwepo? Ulikuwepo: wamelipa advansi, nimepeleka mzigo, wameupokea. Kitu nilichokosa ni maandishi ya kusoma siku mambo yalipoharibika. Kwa hiyo sasa sisaini kitu ambacho kurasa zake hazina namba, naweka saini fupi chini ya kila ukurasa, na mzigo wa kwanza hauondoki hadi nakala yao yenye saini iwe mkononi mwangu.

Sasa kifungu kilichoniumiza. Kifungu cha taarifa.

Mtakumbuka serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, samaki wapate kuzaliana. Mwalo ukawa kimya, mitumbwi imepinduliwa mchangani. Mkataba ulikuwa na kifungu cha mambo yaliyo nje ya uwezo wetu, na amri ya serikali ilitajwa humo kwa jina. Nikaona niko salama. Tarehe 16 Mei nikamtumia wasapu afisa manunuzi wao, na picha za mwalo mtupu. Akajibu, "Poa dada, tunaelewa, tutaonana ziwa likifunguliwa." Nikatulia. Nikaenda zangu Kasulu kwenye maharage.

Kumbe kinga ile ilikuwa na masharti: utoe taarifa ndani ya siku 14 tangu jambo litokee, yaani kabla ya 29 Mei kuisha, na taarifa yenyewe iwe "kwa mujibu wa kifungu cha taarifa". Kile kifungu, kule ukurasa wa kumi, kilitaja njia tatu tu. Barua inayopelekwa kwa mkono na kusainiwa na mpokeaji, barua ya rejista kwa posta, au barua pepe kwenye anwani iliyoandikwa ukurasa wa kwanza. Wasapu haikuwemo. Afisa manunuzi naye hakuwemo, taarifa ilitakiwa iende kwa mkurugenzi. Na yule kijana mwezi Juni akaacha kazi, akaondoka na "poa dada" yake.

Upande wa pili wa kifungu ndio wenye makali zaidi, na watu wengi hawauoni. Kifungu cha taarifa hakisemi tu barua ipelekwe vipi, kinasema pia lini itahesabiwa umeipata, hata kama hujaipata. Changu kilisema barua ya posta inahesabiwa imefika siku ya saba baada ya kuposti. Anwani yangu ukurasa wa kwanza ilikuwa S.L.P. ya kaka yangu, ambaye kufungua sanduku ni mpaka akumbuke. Barua yao ilipostiwa tarehe 1 Julai. Kwa mkataba niliipata tarehe 8. Nilipewa siku 14 za kujibu, zikaisha tarehe 22. Kaka aliniletea bahasha tarehe 26, ina alama ya kikombe cha chai juu yake. Alisema ilikuwa mezani siku mbili tatu. Sikumjibu, na nakiri mpaka leo tukikaa sebuleni kwake naiangalia ile meza.

Barua ilidai fidia ya asilimia 10 ya mzigo wa Mei na wa Juni, laki 9 kila mmoja, na advansi iliyobaki, milioni 2. Jumla milioni 3.8. Nisipojibu ndani ya muda, mkataba umevunjika kwa kosa langu.

Nikaenda kwa wakili pale Mwanga, mjini Kigoma, nimejaa hasira, na nakala ya mkataba niliyoiomba kwao, na ile wasapu kwenye simu. Aliisoma wasapu, akasema si kwamba haina thamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki, hivyo kama ushahidi kwamba walijua, inafaa. Lakini kuwa ushahidi ni jambo moja, kuwa taarifa kama tulivyokubaliana ni lingine. Tena kulikuwa na kifungu kingine jirani kinachosema hakuna upande utakaohesabiwa umeachia haki yake mpaka uandike na kusaini. Kwa hiyo lile "tunaelewa" lilikuwa la kuegemea, ila si ukuta. Na wao wangeweza kuongeza kwamba kufungwa kwa ziwa kulitangazwa mapema, sio tetemeko, ningejipanga.

Nikamwambia basi, mkataba si wamevunja wenyewe? Umekufa. Deni la maiti linadaiwa vipi?

Akafungua ukurasa wa kumi na moja. Kulikuwa na kifungu cha mambo yanayoendelea kuishi baada ya mkataba kukoma. Kilitaja manne: malipo yaliyokwisha kustahili, siri za biashara, utaratibu wa kutatua migogoro (Dar es Salaam, bila shaka), na ahadi yangu ya kutomuuzia dagaa mtu mwingine yeyote Tanzania Bara kwa miaka miwili baada ya mkataba kwisha. Hilo la nne lilinikausha mate. Mkataba ukivunjika, kazi za mbele ndizo zinazokoma: mimi siwajibiki kupeleka mzigo wa Septemba, wao hawawajibiki kuununua. Yaliyokwisha kuiva yanabaki, na madai ya mkataba kwa sheria zetu yanaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka sita. Ukikuta kifungu hiki, kwa kila kilichoorodheshwa uliza kinaishi mpaka lini. Kisipotaja mwisho, omba uandikwe.

Wakili alipoifikia hiyo ahadi ya miaka miwili akatabasamu mara ya kwanza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano ya kumzuia mtu kufanya biashara halali ni batili kwa kiwango hicho cha kumzuia, isipokuwa hali chache, kama ya mtu aliyeuza biashara yake pamoja na jina lake na wateja wake. Mimi sikuuza biashara, niliuza dagaa. Kwa hiyo hicho kipande hakikuwa na nguvu.

Niliruka kwenye kiti. Kama kipande ni batili, mkataba wote batili, deni kwaheri! Akanikalisha. Ndipo nilipokutana na kifungu cha kutenganisha: sehemu moja ikionekana batili, inaondolewa na zilizobaki zinaendelea kama kawaida. Fikiria kapu la dagaa lenye wachache waliooza. Unawatoa wale, kapu linauzwa. Ila kina mpaka wake. Kama kilichooza ndicho kiini, tuseme bidhaa yenyewe ni haramu kuuzwa, hakuna cha kutenganisha. Katazo langu lilikuwa pembeni, linang'oka bila kugusa bei wala mzigo wala advansi. Kifungu kile kile kiliniokoa na katazo, kikaniachia deni. Wengine huongeza maneno kwamba sehemu batili isifutwe bali ipunguzwe mpaka itakapokubalika kisheria. Hayo yasome mara mbili, maana katazo la miaka miwili wanaweza kuja kukuomba liwe la miezi sita.

Tulijibu safari hii kwa barua ya rejista na barua pepe vyote viwili, kwa mkurugenzi, nikatunza risiti ya posta. Hoja iliyotusaidia zaidi ilikuwa kwamba hata fidia iliyotajwa kwenye mkataba, mahakama hutoa kiasi kinachostahili kisichozidi kilichotajwa, si lazima chote. Na hawakuonyesha hasara ya Mei, kwani walikuwa na akiba yangu ya Aprili ghalani. Wakaachia laki 9 ya Mei. Nikalipa milioni 2.9 kwa awamu nne, na kwenye makubaliano hayo mapya tukaandika kabisa kwamba lile katazo halipo.

Mnaniona leo nina wateja watatu, na wote nimesaini nao kwa masharti yangu ya taarifa: barua pepe mbili, yangu na ya mpwa wangu, na namba ya wasapu imeandikwa kama njia halali, kwa jina la cheo na si la mtu. Nasema hivi kwa kujidai kidogo, mnisamehe, nimeilipia. Lakini jamani, tuache uvivu! Mtu anabishana bei ya mia mbili kwa kilo saa nzima, halafu anwani ya kupokea barua anaandika ya mjomba. Soma kifungu cha taarifa. Soma tena.

Mdogo wangu wa Tabora, mkataba wako nimeusoma wote jana usiku. Kifungu cha 17, taarifa kwa posta inahesabiwa imefika siku ya tano. Na S.L.P. uliyoandika ukurasa wa kwanza ni ya kile kikundi cha wafuga nyuki ulichoniambia ulijitoa mwaka jana. Usisaini bado. Nani ana ufunguo wa lile sanduku?