Kujibu ujumbe kwa saa ya mkononi: mbona maneno yanatoka kombo?

Nikisema "niko kwenye daladala, nafika saa kumi" saa yangu ya Apple inaandika vitu vya ajabu kwa Kiingereza. Ni mbovu?

Haijaharibika. Programu ya imla haiandiki sauti herufi kwa herufi, bali hutafuta maneno yanayofanana zaidi na sauti hiyo katika lugha uliyoichagulia. Ikiwa imewekewa Kiingereza, "niko" inaweza kuwa "Nico" na "daladala" ikawa "dollar dollar". Ukiongeza sauti au kutamka polepole hupati nafuu. Ukikata silabi moja moja ndio unaharibu zaidi, kwa sababu programu hutegemea maneno jirani kukisia neno.

Kwenye iPhone fungua Settings, General, Keyboard, kisha Dictation Languages uone lugha zilizopo. Kama Kiswahili hakimo, basi imla ya saa ibaki kwa ujumbe wa Kiingereza, na Kiswahili ukiandikie majibu ya haraka, yaani yale unayoyaandaa mapema na kuyachagua tu kwenye saa. Wenye Android wana nafuu: kuandika kwa sauti kwa Google kulianza kupokea Kiswahili mwaka 2017. Hata hivyo orodha ya lugha za simu na ya saa si lazima zilingane, kwa hiyo angalia kwenye saa yenyewe.

Kiswahili kikiwepo, kuchanganya lugha bado kutakusumbua. "Nitumie invoice kabla ya lanchi" ni sentensi ya kawaida ofisini, lakini programu iliyowekewa lugha moja itajaribu kulifanya kila neno kuwa la lugha hiyo. Sema "ankara" badala ya "invoice". Majina ya watu na mitaa yasome upya kabla hujabonyeza kutuma.

Nyumbani inaandika bila shida. Nikiwa njiani inazunguka tu, halafu inakata. Lakini ujumbe unaingia!

Hapo tafuta tatizo kwenye intaneti. Saa nyingi hupeleka sauti kwenye simu kwa bluetuthi, simu ikaipeleka kwenye seva, kisha maandishi yakarudi. Ujumbe mfupi hupenya hata mtandao ukiwa dhaifu, ila sauti inahitaji njia iliyo wazi mfululizo. Ujaribu hivi: kwenye simu hiyohiyo, mahali hapohapo, fungua ukurasa wa wavuti ambao hujawahi kuufungua. Ukikwama, saa haina kosa.

Baadhi ya saa mpya huchakata sauti zenyewe. Apple Watch Series 9 ya mwaka 2023 ni mojawapo, lakini uwezo huo una lugha zake chache.

Tangu niogelee nayo baharini inashika nusu ya maneno.

Fungua programu ya kurekodi iliyomo kwenye saa, sema sentensi mbili, kisha usikilize. Sauti yako ikisikika vizuri, kipaza sauti ni kizima na kosa ni la lugha au mtandao. Sauti ikiwa ya kufifia, kitundu kidogo ubavuni mwa saa kina maji, chumvi au mabaki ya sabuni, au kimefunikwa na kava.

Isuuze saa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwenye saa ya Apple washa Water Lock kisha uizime ili spika isukume maji nje, kisha iache ikauke usiku kucha. Usichokoe kitundu kwa pini, maana nyuma yake kuna utando mwembamba unaotoboka kirahisi.

Majibu ya haraka ya Kiswahili nayaweka wapi? Mimi nina Apple. Mke wangu ana saa ya Garmin na iPhone, haoni hata kitufe cha kujibu.

Kwako: kwenye simu fungua programu ya Watch, My Watch, Messages, Default Replies, halafu ongeza yako. Andika majibu yanayojitosheleza: "Niko kikaoni, nitakupigia nikitoka" linamtosha hata bosi, wakati "Sawa" tupu humwacha mtu akiuliza sawa ya nini. Haya ni ya programu ya Messages. Usiyategemee kwenye WhatsApp.

Kwa mkeo: njia ambayo iPhone hutumia kupeleka arifa kwenye saa za kampuni nyingine kwa kawaida huruhusu kukubali au kukataa tu, kama kupokea simu au kufuta arifa. Haibebi maandishi ya jibu. Saa hiyohiyo ikiunganishwa na Android, kitufe hutokea.

Nina Android. Nachagua jibu, saa inasema limeshindikana.

Jibu hupitia kwenye arifa iliyo kwenye simu. Ukiifuta arifa hiyo, au ukiusoma ujumbe kwenye simu kwanza, saa haina pa kujibia. Kama arifa bado ipo, huenda simu inaizima programu ya saa ili kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu hiyo, uiruhusu ifanye kazi bila kikomo.