Kalamu ya mzio na kisanduku cha glukagoni: kusoma picha kabla ya kuchoma

"Wakuu, nimehamia kwa kaka yangu kumsaidia. Ana mzio mkali wa nyuki na ana kisukari cha kuchoma insulini. Kwenye begi lake nimekuta kalamu moja nene na kisanduku cha rangi ya chungwa. Nimeweka picha tatu. Ipi ni ya nini, na hatua zilizochorwa zinafuatwaje? Naogopa kuchanganya."

Nyumbani kwangu vyote viwili vipo: mke wangu ana mzio, kijana wetu ana kisukari. Kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyashika mwenyewe, likiwemo kosa moja lililotufika.

Picha ya kwanza ni EpiPen, yaani kalamu ya adrenalini, ya mzio. Usitegemee rangi peke yake kuitambua. Soma jina la dawa lililochapwa ubavuni: litakuwa Epinephrine au Adrenaline, na yote mawili ni dawa ileile. Lebo ya njano uliyopiga ni ya miligramu 0.3, ya mtu mzima. Ya kijani ni miligramu 0.15, ya mtoto.

Sasa tazama ncha zake mbili. Ya buluu ni kofia ya usalama, ya chungwa ndiko sindano inakotokea. Hapa ndipo watu wengi hujichoma kidole gumba. Tumezoea kwamba ukivua kofia ya kalamu, ncha iko palepale ulipovua. Kwenye EpiPen unavua kofia ya buluu juu, na sindano inatoka upande wa pili. Mtu akiishika kichwa chini, akabonyeza kwa dole gumba kama kalamu ya wino, dawa yote inaishia doleni na mgonjwa hajapata kitu. (Likitokea hilo, aliyejichoma naye aende hospitali, kwa sababu adrenalini hubana mishipa ya damu ya kidole.)

Ndiyo maana nilimfundisha kila mtu hapa nyumbani kuishika kwa ngumi, vidole vyote vikizunguka mwili wa kalamu, bila kidole chochote kukaa kwenye ncha. Ncha ya chungwa ielekee chini. Vuta kofia ya buluu moja kwa moja kwenda juu, usiizungushe wala kuipindisha. Kisha sukuma ncha ya chungwa kwa nguvu kwenye paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti, hadi usikie mlio wa "ta!" Suruali haizuii, ila hakikisha mfukoni pale hakuna simu wala funguo. Ishikilie hapo kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kalamu yenyewe. Za sasa zinasema 3, za zamani zilisema 10. Ukiitoa, ncha ya chungwa itakuwa imerefuka na kuifunika sindano. Kama haijarefuka, dawa haijatoka.

Usije ukabeba somo hili kwenda kwenye kalamu nyingine bila kusoma. Jext ina kofia ya njano na ncha nyeusi, na unashikilia sekunde 10. Auvi-Q ni bapa kama kiberiti kikubwa, inatoa maelekezo kwa sauti, na kinga yake nyekundu iko upande uleule wa sindano. Mtu aliyekariri kwamba sindano iko mbali na kofia ataikosea hiyo.

Ukishachoma, piga simu ya dharura hata kama kaka yako anaona nafuu, maana dawa huisha mwilini na mzio unaweza kurudi. Alale chali miguu ikiwa juu. Kama anapumua kwa shida, aketi. Msimsimamishe. Dakika 5 zikipita bila nafuu na kalamu ya pili ipo, mchome hiyo.

Picha ya pili ndiyo ninayotaka uitazame kwa makini zaidi. Hicho ni kisanduku cha glukagoni, na jina lililochapwa ni Glucagon. Ni ya sukari iliyoshuka hadi mtu hawezi kumeza au amepoteza fahamu. Haitibu mzio, na adrenalini si tiba ya sukari kushuka. Ndani kuna vitu viwili: bomba la sindano lililojazwa kimiminika tayari, na kichupa chenye unga mweupe kidogo chini. Kimiminika kile ni maji tu. Dawa ni ule unga.

Sisi tuliumia hapo. Nilikuwa safarini, shemeji yangu akamkuta kijana hajitambui, jasho linamtiririka, kipimo cha sukari kinasoma 1.9 mmol/L. Alifungua kisanduku, akaona bomba limejaa na sindano iko tayari, akamchoma paja. Akanipigia kwamba ameshatoa dawa lakini mtoto haamki. Nikamwambia apige picha ya kila kilichobaki kisandukuni. Picha ilipofika, bomba lilikuwa tupu, kisukumio kimefika mwisho, na pembeni kichupa kimesimama na unga wake mkavu, kifuniko cha plastiki hakijaguswa. Alikuwa amemchoma maji.

Bahati tulikuwa na kisanduku cha pili na gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Nikamsomea michoro ya ndani ya kifuniko huku simu ikiwa sikioni. Bandua kifuniko cha plastiki cha kichupa. Vua ala ya sindano. Toboa ule mpira wa kichupa, sukuma maji yote ndani. Bila kuchomoa sindano, tikisa taratibu mpaka unga uyeyuke na maji yawe angavu. Pindua kichupa, vuta dawa yote irudi kwenye bomba, toa hewa, choma pajani. Kijana ana kilo 28, kwa hiyo alipewa mililita 1 nzima. Kwa kisanduku chetu, walio chini ya kilo 25 hupewa nusu. Akamlaza ubavu, kwa sababu glukagoni huwatapisha wengi. Kweli alitapika, na baada ya kama dakika 12 akafumbua macho. Alipoweza kumeza ndipo akapewa kinywaji chenye sukari, kisha chakula. Wakati hajitambui usimtie kitu mdomoni, hata asali.

Tangu siku ile nimebandika karatasi juu ya kisanduku: "UNGA KWANZA". Kama daktari wa kaka yako anaweza kumwandikia glukagoni ya puani, haina kuchanganya. Ni kibomba kidogo cha njano. Unaingiza ncha puani na kusukuma mpaka mstari wa kijani upotee. Ila usikijaribu kwanza hewani kuona kama kinafanya kazi, kina dozi moja tu.

Picha ya tatu sikuweza kuisoma. Mwanga wa simu umeangukia dirisha dogo la kalamu, sijui kama dawa ni angavu au imegeuka kahawia, na tarehe baada ya EXP imekatwa na kidole chako. Piga tena bila flashi, weka karatasi nyeupe nyuma, na usivue kofia ya buluu ili kuonyesha vizuri.