Lisha mbele ya maziwa: wiki 10 za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa

Ndugu unayeanza kufuga huku Rungwe, Njombe au Mufindi, jambo la kwanza kulijua ni kwamba ng'ombe aliyezaa hupandisha maziwa upesi kuliko anavyopandisha hamu ya kula. Maziwa hufika kileleni kati ya wiki ya 4 na ya 8, lakini uwezo wa kula hukamilika baadaye, karibu wiki ya 10 hadi ya 14. Katikati hapo anajazia pengo kwa mafuta ya mwili wake. Kukonda kidogo ni kawaida, na huwezi kuzuia hali hiyo kabisa. Kazi yako ni kuhakikisha pengo halipanuki.

Chukua ng'ombe wa jirani yangu, chotara wa Friziani, uzito wa kilo 450 hivi alipozaa. Wiki ya 5 alikuwa anatoa lita 16 kwa siku, na mwenyewe alifurahi. Lakini futi ya kupimia kifua, inayozungushwa nyuma ya miguu ya mbele, ilikuwa imeshuka kutoka sentimita 178 hadi 173. Hizo ni kama kilo 30 zilizoondoka, na mifupa ya nyonga ilikuwa imeanza kuchongoka.

Tulipokaa kupiga hesabu, tatizo lilionekana horini. Alikuwa anapewa kilo 60 za majani ya tembo mabichi na kilo 3 za pumba zilizochanganywa. Kilo 60 zinaonekana nyingi, lakini majani machanga ya masika yana maji mengi, na ukiyakausha yote hupati zaidi ya kilo 9. Majani hayo yanatosha kumtunza mwenyewe na kutoa lita 5 hivi. Kila kilo ya mchanganyiko mzuri huongeza takriban lita 2, kwa hiyo kilo 3 zilileta lita 6. Jumla lita 11. Lita 5 zilizobaki zilikuwa zinatoka mgongoni mwake.

Alipoona ng'ombe anakonda, jirani alikuwa amemwongezea mashudu ya alizeti peke yake. Hapo wengi hupotea. Mashudu yana protini nyingi, na protini ikizidi huku chakula cha kutia nguvu kikiwa kidogo, ng'ombe husukumwa kukamua mafuta yake zaidi: maziwa yanapanda na mwili unashuka. Alichokosa ni nguvu. Tulibadili mchanganyiko ukawa kilo 50 za pumba za mahindi, 20 za mahindi ya kuparaza, 27 za mashudu, 2 za madini na 1 ya chumvi.

Kisha tukapandisha polepole, nusu kilo kila baada ya siku 3, mpaka kilo 5 na nusu. Usimpe zaidi ya kilo 2 kwa mlo mmoja. Yeye alipewa 2 asubuhi wakati wa kukamuliwa, 1 na nusu mchana baada ya kula majani, na 2 jioni. Haraka hapa ni hatari, kwa sababu nafaka nyingi kwa mkupuo hugeuza tumbo kuwa na asidi. Utaiona kwenye kinyesi: kinakuwa chepesi, kina mapovu na punje zisizosagika, na ng'ombe anaacha kucheua. Ukiona hivyo, rudi hatua moja nyuma na umpe majani makavu.

Majani nayo tulianza kuyakata jioni na kuyaacha yanyauke kwenye kivuli hadi asubuhi, yakiwa yamekatwakatwa. Yakipungua maji, anakula zaidi. Maji ya kunywa yalikaa mbele yake mchana na usiku. Ng'ombe wa lita 16 anaweza kumaliza lita 80 hadi 100 kwa siku, na ndoo mbili hazimtoshi.

Maziwa yalipanda hadi 17, na futi ikasimama 173 kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kupanda. Ndiyo maana nasisitiza: usisubiri maziwa yaongezeke ndipo uongeze chakula. Baada ya kuzaa tangulia kwa kilo 1 ya mchanganyiko juu ya hesabu ya maziwa yake, kisha angalia siku 4 au 5. Yakipanda, ongeza tena. Yasipopanda, shikilia hapo, wala usimpunguzie akiwa bado mwembamba.

Dalili moja usiichezee. Ng'ombe akikataa pumba lakini akaendelea kula majani, maziwa yakaporomoka ghafla na pumzi yake ikawa na harufu tamu kama ya tunda lililooza, damu yake imejaa sumu za mafuta yanayoyeyushwa. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Huwapata zaidi wale waliozaa wakiwa wanene kupita kiasi, kwa kuwa hao hula kidogo zaidi baada ya kuzaa. Pima kifua kila wiki, asubuhi kabla ya kulisha, na uandike ukutani bandani karibu na idadi ya lita.