Kabla ya Kutia Njia, Tazama Utosi: Kwa Vinyozi Wapya

Juma lililopita nilisimama mlangoni mwa kinyozi changu hapa Majengo, Mombasa, nikimtazama kijana ninayemfunza akishindana na kichwa cha mteja kwa muda wa dakika 15. Mteja alikuwa na nywele laini za mawimbi, na kijana alikuwa amezigawa kwa kumtia njia upande wa kulia kwa sababu ndio upande ambao mkono wake mwenyewe umezoea kuuanza. Kila alipozilaza nywele kwa kitana ziliinuka, kila zilipoinuka aliongeza jeli, na mwishowe kichwa kikang'aa kama samaki aliyetolewa majini huku kishungi kimoja kikiwa bado kimesimama. Sikumkemea, kwa kuwa nilikuwa nikijitazama mwenyewe wa miaka 20 iliyopita. Hata hivyo, yeye ni wa tatu mwaka huu kunionyesha mchezo huo huo, nami nimechoka kuusimulia kwa mdomo.

1. Anzeni kisogoni, wala si kwenye paji la uso.

Nywele hazioti wima. Kila shina limelala upande fulani ndani ya ngozi, na mlalo huo hupangika mtoto angali tumboni mwa mamaye, katika miezi ya mwanzo ya mimba. Utosini, au hatua ndogo kando ya utosi, mashina hayo hujipanga kwa kuzunguka kitovu kimoja, mfano wa maji yanayoingia tunduni. Hicho ndicho kizunguko cha nywele, na nywele zote za juu ya kichwa hutoka hapo zikielekea mbele, kando na nyuma. Hakuna mafuta, kofia wala maombi ya mama yatakayougeuza mlalo wa shina. Mnachokigeuza nyinyi ni unywele uliokwisha kutoka nje, na huo nao mnaugeuza kwa muda tu.

Simameni nyuma ya mteja, chini ya taa nzuri, nywele zikiwa zimelowa na hazina mafuta. Tafuteni kitovu, kisha wekeni kidole hapo na mfuate nywele zinavyotoka. Katika vichwa vingi sana mtaona kidole kikienda mwendo wa akrabu za saa. Sasa fikirini pamoja nami. Kwa kuwa mnatazama kutoka nyuma, mkono wenu wa kulia uko upande wa kulia wa mteja. Nywele zilizo mbele ya kitovu, zikifuata akrabu, hutoka kushoto zikielekea kulia. Zilizo upande wa kulia hushuka kurudi nyuma, na zilizo upande wa kushoto huja mbele. Kwa hiyo mahali pazuri pa njia kwa kichwa cha namna hiyo ni kushoto, maana nywele nyingi za juu huvuka kwenda kulia kwa hiari yake, na zile chache za kushoto hulala kuelekea panja bila kusukumwa.

Mkiitia njia hiyo hiyo kulia, mnazilazimisha nywele za juu zirudi kushoto kinyume cha mashina yake. Zitainuka kwanza, ndipo zipinde, na penye kupinda ngozi itaonekana. Mteja atadhani nywele zake zimeanza kupungua upande huo, kumbe ni nyingi kama za upande wa pili. Kwa kizunguko kinachokwenda kinyume cha akrabu, geuzeni maelezo yote haya, na njia itakaa kulia.

Kuna jinsi fupi ya kuhakikisha: chaneni nywele zilizolowa zote nyuma, kisha zisukumeni mbele taratibu kwa kiganja kutoka utosini, nazo zitajipasua zenyewe mahali pake.

2. Msiamini picha ya simu mpaka mjue nani aliipiga.

Hapa nitakawia, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia.

Alhamisi moja alikuja bwana harusi pamoja na nduguye. Nikaha ilikuwa kesho yake baada ya Isha, na usiku wa Jumamosi kulikuwa na karamu ukumbini. Alikuwa kijana wa Mji wa Kale, mwenye nywele nzito zilizonyooka, za kuzaliwa nazo. Akanionyesha picha yake mwenyewe ya miezi michache nyuma na kusema, "Ami, nataka hivi hivi, lakini unitilie laini ya wembe ili njia ionekane vizuri kwenye picha." Nikaitazama picha. Njia ilikuwa upande wangu wa kushoto. Kwa kuwa mtu wa pichani alikuwa ameniangalia uso kwa uso, nikahesabu kama tunavyohesabu siku zote, kwamba kushoto kwangu ni kulia kwake. Nikachukua wembe, nikachora laini upande wa kulia, urefu wa sentimita 6 hivi, iliyonyooka kama uzi. Niliipenda sana ile laini. Nduguye pia aliisifu.

Picha ile aliipiga mwenyewe kwa kamera ya mbele. Kamera hiyo hukuonyesha jinsi unavyojiona kwenye kioo, na simu nyingine huihifadhi picha vivyo hivyo. Njia niliyoiona kushoto kwangu ilikuwa kushoto kwake kweli. Ushahidi ulikuwepo mbele ya macho yangu, kwa sababu fulana aliyoivaa pichani ilikuwa na maandishi kifuani, nayo yalisomeka kinyumenyume. Sikuyatazama. Wala sikumgeuza kichwa nikatazama utosi, ambao ungeniambia ukweli kwa sekunde 10, kwa kuwa kizunguko chake kilikuwa cha mwendo wa akrabu, cha kawaida kabisa.

Nilipoanza kuzichana nywele kutoka kwenye laini kwenda kushoto, zilisimama. Nikazilowesha, zikalala, nikashukuru Mungu. Zilipokauka zikasimama tena. Bwana harusi akanitazama kupitia kioo na kuuliza kwa upole, "Ami, mbona zinainuka?" Nami, badala ya kukiri, nikamwambia zitazoea. Uongo ule unaniuma kuliko wembe wenyewe. Nikajaribu kuzirudisha kulia, upande unaozifaa, zikalala kama mkeka, lakini laini ya wembe ikabaki imefunikwa nusu, nusu nyingine ikichungulia panjani, mfano wa barabara iliyojengwa ikaachwa kabla ya kufika mjini. Ingekuwa njia ya kitana peke yake, ningeifuta kwa kitana. Laini ya wembe haifutiki. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na harusi ilikuwa kesho.

Ijumaa aliokolewa na kilemba, kwa kuwa bwana harusi wa Mombasa huvaa joho na kilemba, na hakuna anayeuliza kilichomo ndani yake. Jumamosi alivaa suti. Niliziona picha baadaye. Katika nyingi alikuwa na kofia ya viua juu ya suti, na watu wakadhani ni mtindo. Nilimrudishia fedha zake. Hakuzitaka, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Tangu siku hiyo nina desturi tatu ndogo. Namwuliza mteja picha ilipigwa na nani, natafuta maandishi, mfuko wa shati au saa ya mkononi ili nijue kama picha imegeuka, na kabla ya wembe wowote namwomba mteja aguse kwa kidole chake mahali anapoitaka njia. Kumbukeni pia kwamba mkitazama mzunguko wa utosi kupitia kioo, mwendo wa akrabu utaonekana kinyume chake.

3. Mteja akiung'ang'ania upande usio wake.

Wapo, na fedha ni zao. Zioshe nywele, kisha pulizia draya mashinani zikiwa na unyevu bado, ukizisukuma kwa kitana kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, mpaka zikauke zikiwa hazina upande. Ndipo uitie njia, uzishike hadi zipoe. Hili hufaulu kwa sababu maji hufungua vifungo vya hidrojeni vilivyomo ndani ya unywele, na vifungo hivyo hujifunga upya katika umbo ambalo unywele umekaukia. Lakini kilichofunguliwa na maji mara ya kwanza kitafunguliwa na maji tena, na jasho ni maji. Nairobi kazi hiyo inaweza kudumu siku nzima. Hapa kwetu, mwezi Machi, mwambieni mteja waziwazi kwamba akivuka feri ya Likoni saa 7 mchana atafika ng'ambo na njia yake ya zamani.

Wengine huutaka upande usio wao kwa makusudi, kwa sababu nywele zinazoinuka mashinani huonekana nyingi. Hao msiwabishie, ila waachieni urefu wa kutosha juu ili uzito uzipinde.

4. Mashine nayo inaujua utosi.

Msidhani haya ni ya nywele laini peke yake. Kwenye nywele za kipilipili zilizo ndefu kizunguko hujificha ndani ya msokoto, lakini ukinyoa kwa namba 1 hujitokeza chote. Kijana hupitisha mashine kutoka mbele kwenda nyuma pande zote mbili za utosi, kisha hushangaa kwamba upande mmoja ni mweusi na mwingine mweupe, ilhali namba ni ile ile. Katika kichwa cha mwendo wa akrabu, kulia kwa kitovu mashine inafuata mlalo, nywele zinainama na kupona; kushoto inakutana nazo uso kwa uso na kuzikata fupi zaidi. Zungusheni mashine kukizunguka kitovu kinyume cha mlalo, mkikutana na nywele pande zote, nanyi mtapata rangi moja. Kwa mwenye vizunguko viwili, ambaye mtakutana naye mara moja moja, acheni nywele za kati ziwe ama fupi sana ama ndefu. Urefu wa katikati husimama kama ukuta.

Wateja watawauliza pia kama anayezunguka kinyume ni lazima awe mtu wa mkono wa kushoto. Mwaka 2003 mtafiti Amar Klar alichapisha madai kwamba mambo hayo mawili yana asili moja, lakini wengi waliopima baadaye hawakuuona uhusiano huo. Jibuni hivyo, mwendelee kunyoa.

Yule bwana harusi alirudi baada ya miezi 3, laini ikiwa imefutika, nami nikamtia njia kushoto kwa kitana bila wembe. Sasa huja na mwanawe wa miaka 7. Mara ya kwanza baba aliniagiza nimtie mtoto njia kushoto kama yake, nami nikainamisha kichwa cha mtoto, nikaweka kidole kwenye kitovu, nikakiona kikizunguka kinyume cha akrabu. Nikamwambia baba kwamba huyu njia yake ni kulia. Alinitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kabla ya kuniambia niendelee.