Barua ya onyo kwa anayechelewa: andika tarehe na dakika

"Wakuu, nina kijana wa stoo anachelewa karibu kila wiki. Nimeshamsema mpaka nimechoka. Bosi anataka leo hii nimpe barua ya onyo. Naiandikaje iwe na uzito bila kumvunjia heshima?"

Mkuu, usiiandike leo kama hujafungua daftari la mahudhurio. Nasema hivi kwa sababu barua yangu ya kwanza niliiandika nikiwa na hasira: "umekuwa na tabia ya kuchelewa mara kwa mara na huna nidhamu." Yule mtumishi aliachishwa baadaye na shauri likafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Msuluhishi akaniuliza swali moja tu: alichelewa lini, na kwa muda gani? Barua ilikuwa kimya, na mimi nikawa kimya. Kwa sheria yetu ya Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba kuachisha kazi kulikuwa halali. Tulilipa.

Safari iliyofuata nilikuwa msimamizi kwenye ghala la kusambaza soda Dar. Karani wa stoo ndiye anayehesabu kreti, na Fuso haitoki getini bila saini yake. Zamu inaanza saa 12:30 asubuhi. Nilikaa na daftari Septemba 2025, nikakuta amechelewa tarehe 2 (dakika 25), tarehe 4 (dakika 40), halafu tarehe 10, 16 na 18. Tarehe 8 nilikuwa nimeshaongea naye ana kwa ana, na nikaandika kwenye shajara yangu siku hiyohiyo. Hilo dokezo la mistari miwili ndilo linaloonyesha kwamba onyo la maandishi halikumwangukia ghafla. Hata Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka makosa madogo yaanze kurekebishwa kwa mazungumzo kabla ya hatua rasmi.

Kabla ya kuandika, nilimwita tarehe 19 ajieleze. Hapo ndipo nilipojua kitu nisichokijua: mke wake alikuwa amepangiwa zamu za usiku, anarudi nyumbani asubuhi, na mtoto hana wa kubaki naye. Sababu ya kweli, na bado magari yalikuwa yananisubiri. Tukakubaliana apewe wiki moja ya kuingia saa 1:30 huku mwenzake akimshikia upakiaji, ili atafute jirani wa kumpokea mtoto. Barua ikabeba yote mawili, kosa lake na makubaliano yetu. Ilikuwa hivi, nimeondoa majina:

*22 Septemba 2025*

*Ndugu (jina), Karani wa Stoo*

*YAH: ONYO LA MAANDISHI KWA KUCHELEWA KAZINI*

*Zamu yako inaanza saa 12:30 asubuhi. Daftari la mahudhurio linaonyesha kuwa mwezi huu ulifika kwa kuchelewa tarehe 2 (dakika 25), 4 (dakika 40), 10 (dakika 30), 16 (dakika 20) na 18 (dakika 45). Tulizungumza juu ya jambo hili tarehe 8 Septemba. Tarehe 18, gari la Mbagala liliondoka likiwa limechelewa, na kreti 60 zilirudishwa na mteja aliyekuwa ameshanunua kwingine.*

*Tarehe 19 ulieleza kuwa ulikuwa ukimsubiri mkeo atoke zamu ya usiku ili abaki na mtoto. Maelezo yako tumeyapokea. Kwa sababu hiyo, kuanzia leo hadi tarehe 27 Septemba utaingia saa 1:30 asubuhi. Kuanzia tarehe 29 Septemba unatakiwa uwe umesaini daftari ifikapo saa 12:30. Ukipata dharura, mpigie simu msimamizi kabla ya saa 12:15. Kuchelewa kwa dharura iliyotolewa taarifa kusizidi mara 1 kuanzia tarehe 29 Septemba hadi 18 Oktoba.*

*Tutakutana Jumatatu, 20 Oktoba 2025, saa 4:00 asubuhi, kupitia mahudhurio yako. Usiporekebisha, hatua inayofuata ni onyo la mwisho la maandishi. Kama kuna jambo hukubaliani nalo, andika maelezo yako ndani ya siku 3 za kazi nasi tutayaweka kwenye faili pamoja na barua hii.*

*Umekuwa ukifanya hesabu za stoo kwa uaminifu, na tunatarajia utarekebisha hili.*

Tazama kinachokosekana humo. Hakuna neno "tabia", "mvivu", "dharau" wala "kila siku". "Kila siku" ni neno la hatari, kwa sababu akikuonyesha siku moja tu aliyowahi, barua nzima inalegea. Ukali wote uko kwenye dakika 45 na kreti 60, na hizo hakuna anayebishana nazo maana zimo kwenye daftari na kwenye hati ya kupeleka mzigo. Kama huna hati ya hasara, usiitaje hasara.

Kuhusu mstari wa mwisho wa kumsifu, uweke kama ni kweli tu. Mtu anajua anapopakwa mafuta.

Tarehe ya kupitia ndiyo wengi wanaikosea. Wanaandika "tunategemea utajirekebisha haraka", halafu hakuna anayejua haraka ni lini. Mimi nilihesabu: kuanzia Jumatatu ya 29 Septemba hadi Jumamosi ya 18 Oktoba ni siku 18 za kazi, toa tarehe 14 ambayo ni sikukuu ya Nyerere, zinabaki 17. Kipindi hicho kinatosha kuona kama amebadilika, na si kirefu kiasi cha yeye kusahau. Ukishaandika tarehe, iheshimu. Ikipita bila kikao, yeye atajua ile barua ilikuwa ya kumtishia, na siku ukienda mbele ya watu utaulizwa kwa nini hukufuatilia.

Kumkabidhi nako kuna namna yake. Nilifunga mlango, nikamsomea, nikamwachia muda asome mwenyewe. Chini niliandika "Nimepokea nakala ya barua hii", na nikamweleza kwamba saini yake ni ya kupokea, haimaanishi anakiri. Mtu akikataa kusaini usimlazimishe. Muite shahidi mmoja, aandike kuwa barua imesomwa na kukabidhiwa mbele yake, aweke tarehe na saini. Na tafadhali, isiende kwenye grupu la WhatsApp wala ubao wa matangazo. Niliwahi kuona msimamizi akiituma kwenye grupu, na kesi ikageuka kuwa ya kudhalilishwa. Suala la kuchelewa hakuna aliyelikumbuka tena.

Bosi wako akikuambia "na mshahara umkate kidogo ashike adabu", mzuie. Sheria hiyohiyo ya 2004 imebana sana makato ya mshahara, na hamwezi kujipangia faini ofisini.

Tarehe 20 Oktoba tulikaa kama barua ilivyosema, daftari likiwa mezani. Alikuwa amechelewa mara moja, tarehe 7, dakika 15, na simu yake iliingia saa 12:05. Nilimwandikia barua ya mistari minne kwamba kipindi cha mapitio kimekwisha na ametimiza alichotakiwa, nakala ikaingia kwenye faili juu ya ile ya onyo. Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akarudi kuhesabu kreti.