Njia ya hariri: walibeba nini, na hela alikula nani

Hivi kuna mtu alitoka China na ngamia wake mpaka Roma kuuza hariri?

Karibu hakuna. Biashara ilienda kwa kupokezana, mmoja ananunua Dunhuang anauza Turfan, yote miji ya jangwani magharibi mwa China, mwingine anachukua Turfan anapeleka Samarkand, wa tatu anaingiza Uajemi, na kila mzigo ukibadilisha mikono bei inapanda. Huyo wa Roma anayelia hariri ghali hajawahi kumwona Mchina, na Mchina naye hajui kitambaa chake kimeishia wapi.

Walioshika kipande kirefu kuliko wote ni Wasogdia, watu wa Samarkand na miji ya jirani, leo ni Uzbekistan na Tajikistan. Hawakuwa na dola kubwa wala jeshi la kutisha, walichokuwa nacho ni ndugu na mawakala kila mji hadi ndani kabisa ya China. Mwaka 1907 mchimbaji wa mambo ya kale Aurel Stein alikuta barua zao kwenye magofu ya mnara wa ulinzi karibu na Dunhuang, barua ambazo hazikufika zilikokuwa zinaenda, na wataalamu wanaziweka karibu na mwaka 313. Moja ni ya wakala anaitwa Nanai-vandak anawaandikia wakubwa wake Samarkand kwamba mji mkuu Luoyang umechomwa moto, njaa imeingia, mfalme amekimbia na Wasogdia wenzao huko ndani wamekufa. Sasa angalia alivyo mtu wa biashara, katikati ya maafa hayo anaripoti kwamba ametuma Dunhuang mifuko 32 ya miski, anaeleza igawanywe mafungu mangapi na nani achukue ngapi, halafu anaomba hela yake aliyoiacha amana ikopeshwe watu, riba iongezwe kwenye mtaji, kijana yatima aje kuikuta. Miski ndo dili la namna hiyo, kitu kidogo unakificha kwenye begi na thamani yake ni kubwa mno.

Ukiacha hariri walibeba nini?

Kanuni ni moja tu, ngamia anakula na anachoka, kwa hiyo unabeba kitu chepesi chenye bei. Kuna karatasi imebaki Turfan ya mwanzoni mwa miaka ya 600, ni kumbukumbu za ushuru wa mizani. Kila kitu kilichouzwa kwa kupimwa sokoni mfalme wa pale alikata chake kwa sarafu za fedha, karani akaandika nani kauza nini kwa nani. Humo utakuta dhahabu, fedha, uzi wa hariri, manukato, shaba ya njano, manjano, dawa, na chumvi ya amonia inayotumika kwenye ngozi na rangi. Majina ya wauzaji na wanunuzi, mengi ni ya Kisogdia.

Na walibeba watu pia. Hii huwa inarukwa kwenye hadithi za misafara, lakini mkataba upo, wa mwaka 639, hapohapo Turfan: Msogdia wa Samarkand anamuuza binti anaitwa Upach kwa mtawa wa Kibudha Mchina kwa sarafu 120 za fedha za Kiajemi, na maandishi yanasema mnunuzi anaweza kumpiga, kumuuza au kumtoa zawadi apendavyo. Mtawa, tena.

Sahani na mabakuli ya Kichina yale yanayookotwa Kilwa na Gedi ni habari nyingine, hayo yalikuja kwa bahari. Vyombo vya udongo ni vizito na vinavunjika, chomboni vinakaa vizuri kuliko mgongoni kwa ngamia.

Kwa hiyo hela nyingi alikula nani?

Watu wanadhani ni yule mwenye ngamia. Ni kweli alikula, na mwenye soko alikula kwenye ushuru kama nilivyosema, ila chanzo kikubwa cha hariri kule magharibi mwa China wakati wa enzi ya Tang, ukoo uliotawala China kuanzia miaka ya 600, ilikuwa serikali yenyewe. China ilikuwa na vikosi vingi kwenye miji ya jangwani, sarafu za shaba hazikutosha na ni nzito, basi wanajeshi wakalipwa kwa majora ya vitambaa. Jora lilikuwa na kipimo maalum, karibu mita 12, na lilikubalika sokoni kama hela kabisa. Miaka ya 730 na 740 yalipelekwa huko majora kama 900,000 kwa mwaka. Askari akipata jora anataka ngano, farasi, viatu, na anayemuuzia ni mfanyabiashara, ambaye hariri hiyo anaipeleka mbele. Wa mwisho kufikiriwa ni mkulima wa China aliyefuga viwavi na kufuma, maana sehemu ya jora hizo alizitoa kama kodi.

Unajuaje kama ni kweli serikali ndo ilikuwa inaendesha soko? Angalia lilipokatika. Mwaka 755 jenerali An Lushan, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa na asili ya Kisogdia, akaasi, vikosi vikarudishwa ndani kuzima uasi, majora yakaacha kuja na biashara ya Turfan na Dunhuang ikarudi kuwa ya mazao ya hapohapo.

Na wake zao walioachwa nyuma?

Kwenye barua zile za Dunhuang kuna mbili za mwanamke anaitwa Miwnay. Mume kamleta mpaka huko, kamwacha na binti yao Shayn, amekaa miaka mitatu, kaomba msaada kwa ndugu wa mume na kwa wakubwa wa jamii yao, wote wanamzungusha. Nafasi za kuondoka na msafara zimempita mara kadhaa kwa sababu hana nauli. Anamwandikia mumewe kwamba bora angeolewa na mbwa au nguruwe kuliko yeye. Binti anaongeza chini yake kwamba wamekuwa watumishi wa Wachina, kisa mwenzao mmoja kakimbia na deni la sarafu 20 limewaangukia wao.

Dini zilipelekwa na wahubiri au wafanyabiashara?

Wote, na wakati mwingine jeshi. Mtawa wa Kibudha Kumarajiva, wa mji wa jangwani wa Kucha, alitekwa na jenerali wa Kichina akakaa kama mateka miaka mingi, mpaka mwaka 401 akafikishwa Chang'an, mji ambao leo ni Xi'an, akapewa kikosi cha kutafsiri vitabu vya Kibudha, na tafsiri zake zinasomwa mpaka leo. Ukristo wa Kanisa la Mashariki, lile la Uajemi, ulifika Chang'an mwaka 635 na mhubiri Alopen, jiwe la mwaka 781 linalosimulia hayo bado lipo Xi'an. Wasogdia wenyewe wengi walikuwa Wazoroasta, wa dini ya kale ya Uajemi, ila wapo walioufuata Umani, dini ya nabii Mani, na ndo waliombadilisha dini mtawala wa Wauiguri, watu wa nyika za kaskazini mwa China, miaka ya 760, jambo lililowaweka vizuri sana kwenye biashara ya huko.

Ile tauni iliyoua Ulaya ilipita njia hii?

Ushahidi mzuri uko makaburi ya Wakristo haohao wa Kanisa la Mashariki, karibu na ziwa Issyk-Kul, Kirgizia. Mawe yana tarehe, kama 467 kwa karibu miaka 100, na 118 ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339, mengine yameandikwa wazi kwa Kisiria kwamba marehemu kafa kwa tauni. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba meno ya waliozikwa hapo yana DNA ya bakteria wa tauni, wa aina iliyo kwenye shina la ile iliyofika Kaffa kwenye Bahari Nyeusi mwaka 1346 na Sisilia 1347. Na makaburini walizikwa na lulu za Bahari ya Hindi na marijani ya Mediterania, yaani hawakuwa watu wa kijijini waliojifungia.

Ila magonjwa yalisafiri zamani kabla ya hapo. Kwenye kituo cha wasafiri cha Xuanquan, karibu na Dunhuang, walichimba choo cha kama miaka 2,000 iliyopita wakakuta vijiti vilivyofungwa kitambaa, vile vya kujipangusia. Kwenye uchafu uliokauka yalikuwepo mayai ya minyoo ya ini, ambayo mtu anaipata kwa kula samaki mbichi wa maji baridi kwenye maeneo ya majimaji. Dunhuang ni jangwa, haiwezekani kabisa, na sehemu ya karibu yenye minyoo hiyo ni karibu kilomita 1,500, kwa hiyo kuna msafiri aliileta tumboni mwake kutoka mashariki.