Maswali na majibu: lodingi katika tasnifu ya uuguzi

"Natengeneza kipimo cha dalili za kisukari, maswali 16, wagonjwa 210 wa kliniki za Malindi. Uchanganuzi wa vipengele (factor analysis) kwenye SPSS umenipa vipengele 5. Msimamizi anauliza mbona vitano, sina jibu." (Muuguzi, Malindi)

Vitano hivyo vimechaguliwa na programu. Usipogusa kitu, SPSS hutumia Principal components na kubakiza kila kipengele chenye Eigenvalue, yaani kiasi cha tofauti za majibu ambacho kipengele kinakieleza, inayozidi 1, na kanuni hiyo mara nyingi huzidisha idadi. Principal components nayo hufupisha data tu. Wewe unatafuta hali zilizojificha nyuma ya dalili, kwa hiyo chagua Principal axis factoring.

Kuhusu idadi, linganisha matokeo yako na data za kubahatisha zenye watu 210 na maswali 16. Umeniandikia kwamba Eigenvalue zako ni 5.1, 2.0, 1.6, 1.15 na 1.04. Kwa ukubwa huo wa data, bahati tupu huweza kutoa takriban 1.6, 1.5, 1.4 na 1.3 kwa vinne vya mwanzo. Vitatu vyako vinaishinda bahati, cha nne kinashindwa. Basi ni vitatu, na jibu la msimamizi umelipata. Endesha hivi:

```
FACTOR /VARIABLES q1 TO q16
  /PRINT INITIAL KMO EXTRACTION ROTATION
  /CRITERIA FACTORS(3) ITERATE(100)
  /EXTRACTION PAF
  /ROTATION OBLIMIN.
```

Nimeweka OBLIMIN badala ya VARIMAX kwa sababu Varimax hulazimisha vipengele visihusiane. Sukari ikipanda mgonjwa hukojoa sana, usingizi hukatika, kesho yake anachoka. Huwezi kudai uchovu na mkojo havijuani.

"Sasa nina majedwali mawili, Pattern Matrix na Structure Matrix, na namba hazifanani. Niripoti lipi? Swali la 9 linanisumbua zaidi." (huyo huyo)

La kusomea vipengele ni Pattern Matrix: linaonyesha mchango wa kila kipengele peke yake, vingine vikiwa vimeshatolewa hesabuni. Structure Matrix ni uhusiano wa jumla wa swali na kipengele, ukiwamo ule unaopitia kipengele jirani.

Swali lako la 9 lina lodingi, yaani nguvu ya kufungamana na kipengele, ya 0.46 kwenye kipengele cha uchovu na 0.38 kwenye cha mkojo, na vipengele hivyo viwili vinahusiana kwa 0.41. Lodingi yake kwenye kipengele cha tatu ni karibu sifuri, kwa hiyo tukiache. Kwenye Structure, uchovu unakuwa 0.46 + (0.38 × 0.41), yaani 0.62, na mkojo unakuwa 0.57. Ndiyo maana pale kila kitu kinaonekana kikubwa. Weka Pattern ndani ya sura ya matokeo pamoja na jedwali la Factor Correlation Matrix, kwani bila hiyo 0.41 msomaji hawezi kuifuata hesabu hii. Structure iende kwenye kiambatisho.

Sasa lisome swali lenyewe: "Nachoka mchana kwa kuamka usiku kukojoa." Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja, ndiyo maana linavuta pande zote mbili. Tofauti ya 0.08 ni ndogo mno. Wengi hutaka angalau 0.15 au 0.20. Litoe, kisha endesha uchanganuzi upya, maana lodingi za maswali mengine zitasogea. Katika tasnifu andika kwamba limetolewa, katika hatua ipi, lodingi zake zikiwa ngapi na kwa nini. Usiligawe mawili ukayaingiza kwenye data ya sasa: hakuna mgonjwa aliyeyajibu hayo mapya.

"Nikificha lodingi za chini ya 0.40 jedwali linapendeza. Kuna ubaya?" (Mwanafunzi, Malindi)

Upo. Hiyo 0.38 ya swali la 9 hapo juu ingepotea, na msomaji angedhani swali ni safi. Chapisha zote, kubwa uzikoze wino.

"Sehemu kubwa ya wagonjwa wangu hapa Lamu niliwahoji mwezi wa Ramadhani. Kiu, kinywa kukauka na uchovu vimekaa kipengele kimoja. Nikiiteje?" (Muuguzi, Lamu)

Usikipe jina bado. Wapo wenye kisukari wanaofunga hata wakiruhusiwa kula, na saumu peke yake huleta kiu na uchovu kwa pamoja. Huenda umepima saumu.

Tumia tarehe ya kila fomu kuwagawa waliohojiwa Ramadhani na waliohojiwa nje yake. Kila kundi likiwa dogo, usiendeshe uchanganuzi mara mbili. Linganisha tu uhusiano kati ya kiu na uchovu. Ukiwa mkubwa Ramadhani na mdogo nje yake, kipengele hicho kimetokana na mwezi uliokusanya data. Ukikaribiana pande zote, una haki ya kukiita cha sukari, japo ueleze mgawanyo huo mbele ya jedwali la lodingi. Kama ulirekodi nani alifunga, gawa kwa hilo badala ya tarehe, kwa sababu si kila uliyemhoji mwezi ule alikuwa na saumu.